Kuweka ratiba mpya ya msingi baada ya mafuriko: lini ni halali, na nini kisifutwe

Ratiba ya msingi, ambayo saiti nyingi za Dar es Salaam huiita tu beslaini, ni ile picha ya mpango iliyokubaliwa na pande zote kabla kazi haijachanganya. Kila mwezi mpango halisi unawekwa juu ya picha hiyo, na tofauti inaonekana kwa siku. Likitokea jambo kubwa, tofauti hiyo inakuwa kubwa mno kiasi kwamba haimwelezi mtu chochote. Kila kazi ni nyekundu, msimamizi wa saiti ameacha kuitazama ratiba, na kwenye kikao mtu anasema, "Mhandisi, hebu tuweke beslaini mpya tuanze upya."

Mara nyingine ana haki kabisa. Tatizo ni kwamba katika programu ya ratiba jambo hilo linafanyika kwa kubofya mara tatu, na ukishabofya, kila siku ya ucheleweshaji uliyokuwa nayo inasoma sifuri. Siku zilizoletwa na mafuriko na zile zilizoletwa na kijiko kibovu cha kuchimbia zinafutika kwa pamoja. Mkandarasi anapoteza ushahidi wa dai lake, na mteja anapoteza ushahidi wa deni la mkandarasi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi hii inafanyika kabla ya kubofya, na lengo lake ni kutenganisha siku hizo katika mafungu mawili yasiyochanganyika tena.

Mwongozo huu unafuata mfano mmoja wa kubuni tangu mwanzo hadi ripoti ya kwanza baada ya mabadiliko. Ni jengo la ofisi la ghorofa nne lenye basementi moja, Mikocheni, mahali ambapo maji ya ardhini yako karibu na uso. Kazi ilianza Jumatatu 8 Januari 2024 na mkataba ulitoa siku 420, yaani kumaliza 3 Machi 2025. Mkataba ni wa masharti ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, kitabu chekundu cha 1999. Usiku wa kuamkia Jumamosi 20 Aprili 2024 mvua ya masika inajaza shimo la basementi, na kingo za upande wa mashariki zinaanguka kwa urefu wa mita 18.

Lini ni halali

Kuchelewa peke yake si sababu. Ratiba ya msingi ipo ili ikuambie umechelewa, kwa hiyo kuibadilisha kwa kuwa imekuambia hivyo ni sawa na kuvunja kipimajoto kwa sababu mgonjwa ana homa. Mradi uliochelewa siku 60 ilhali mpangilio wa kazi uko vilevile hauhitaji msingi mpya. Unachohitaji ni mpango wa kufidia muda, unaopimwa dhidi ya msingi uleule.

Msingi mpya unastahili pale mambo mawili yanapokutana. La kwanza, mpangilio wenyewe wa kazi zilizobaki umebadilika kiasi kwamba kulinganisha na ule wa zamani hakuna maana. Katika mfano wetu, jamvi la basementi, yaani sakafu yake ya zege, lilipangwa kumwagwa kwa mkupuo mmoja. Baada ya kingo kuanguka, mhandisi msimamizi anaagiza nusu ya magharibi imalizwe kwanza wakati mashariki inawekewa kingo mpya za mabamba ya chuma. Jamvi sasa ni la awamu mbili, lina kiungo katikati, na kuta za mashariki zinakuja baada ya za magharibi. Kazi namba 34, "Kumwaga jamvi la basementi", haipo tena kama ilivyoandikwa, hivyo kusema imechelewa siku fulani ni kulinganisha embe na fenesi.

La pili, tarehe ya mkataba imesogezwa rasmi kwa maandishi, au wigo wa kazi umebadilishwa kwa agizo lililotiwa saini. Maneno "maandishi" na "saini" ndiyo yanayobeba uzito. Ahadi ya mdomo ya mteja kwamba "muda tutawaongezea, msijali" haisogezi tarehe hata siku moja. Ukiweka msingi mpya kwa ahadi hiyo, kisha nyongeza ikaja pungufu, unabaki na ratiba ya msingi inayopingana na mkataba.

Likiwepo la kwanza bila la pili, na hivyo ndivyo inavyokuwa kwa miezi kadhaa baada ya mafuriko, weka mpango wa muda wa kufanyia kazi na uuite hivyo. Vijana wa saiti wanahitaji tarehe za kufuata wakati makaratasi yanazunguka. Namna ya kuuhifadhi bila kugusa msingi wa asili iko hapa chini.

Faili la siku moja kabla

Hati yenye thamani kuliko zote katika jambo hili si ratiba mpya wala ile ya mwanzo. Ni ratiba iliyosasishwa hadi jioni ya siku iliyotangulia tukio, ambayo kwa mfano wetu ni Ijumaa 19 Aprili. Hiyo ndiyo inayoonyesha mradi ulikuwa umefika wapi kwa mwendo wake wenyewe kabla maji hayajaingia.

Kwa kawaida huna faili kama hilo, una la mwisho wa mwezi. Sasisho la mwisho la mfano wetu ni la 30 Machi, na linaonyesha kumaliza 14 Machi 2025, yaani siku 11 nyuma ya mkataba. Kati ya 30 Machi na 19 Aprili kuna wiki tatu ambazo hazijaingizwa. Ukilitumia faili la Machi kama lilivyo, chochote kilichochelewa katika wiki hizo kitahesabiwa kama mafuriko, na mhandisi msimamizi makini atakiona ndani ya saa moja kwa kufungua daftari la saiti.

Kwa hiyo litengeneze ndani ya siku chache baada ya tukio, kumbukumbu zikiwa bado mbichi. Chukua nakala ya faili la Machi, weka `Status Date` kuwa 19 Aprili, na uingize tarehe halisi za kuanza na kumaliza kutoka kwenye daftari la saiti, risiti za zege na orodha za mahudhurio. Kisha, kwenye Microsoft Project, nenda `Project > Update Project` na uchague `Reschedule uncompleted work to start after`, tarehe ileile ya 19. Hatua hii wengi huiruka, na matokeo yake ni kazi zisizofanyika kubaki zimepangwa katika siku zilizokwisha kupita, kana kwamba mtu atachimba wiki iliyopita.

Katika mfano, faili hilo linatoa tarehe ya kumaliza 17 Machi 2025. Kijiko kilikuwa kibovu kwa siku tatu mwezi Aprili, na uchimbaji ulikuwa kwenye njia kuu, ule mlolongo wa kazi usio na siku hata moja ya ziada. Siku 11 zimekuwa 14. Hizo 14 ni za mkandarasi, na zitabaki zake hadi mwisho wa mradi hata mafuriko yaje mara tatu.

Lihifadhi kwa jina lisilo na utata, mfano `MKC_2024-04-19_KABLA.mpp`, toa na nakala ya `PDF`, kisha tuma zote mbili kwa barua kwa mhandisi msimamizi wiki hiyohiyo. Faili lililokaa kwenye kompyuta yako tu litaulizwa lilitengenezwa lini. Lililopokelewa na kugongwa mhuri haliulizwi.

Siku 28 hazikusubiri

Wakati unahangaika na pampu, saa ya mkataba inakwenda. Chini ya kifungu cha 20.1 cha kitabu cha 1999, notisi ya dai inatakiwa ndani ya siku 28 tangu mkandarasi alipojua, au alipopaswa kujua, kuhusu tukio. Kwa tukio la 20 Aprili siku ya mwisho ni 18 Mei. Dai kamili lenye maelezo linatakiwa ndani ya siku 42, yaani 1 Juni, na mhandisi ana siku 42 za kulijibu tangu alipolipokea. Toleo la 2017 limebakiza siku 28 za notisi lakini limetoa 84 za dai kamili, kwa hiyo soma mkataba ulio mezani kwako, usitegemee wa mradi uliopita. Notisi haihitaji hesabu ya siku. Ukurasa mmoja unaosema nini kimetokea, lini na wapi unatosha.

Jambo jingine la kujiandaa nalo: Aprili ni masika, na kila mkandarasi wa Dar anajua hivyo. Kifungu cha 8.4 kinatoa muda kwa hali ya hewa mbaya isiyo ya kawaida. Mvua ya kawaida ya masika ni ya mkandarasi, na kalenda ya ratiba yake ilipaswa kuwa na siku za mvua tangu mwanzo. Chukua takwimu za mvua za kila siku kutoka Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, za mwezi wa tukio na za miezi kama hiyo ya miaka iliyotangulia, uziweke sambamba. Picha za shimo lililojaa zinaonyesha kwamba maji yalikuwepo, ila hazionyeshi kwamba hayakuwa ya kawaida.

Kupima tukio lenyewe

Sasa fungua nakala ya faili la 19 Aprili na uingize tukio kama kazi mpya, kila moja ikiwa na muda wake na kiungo chake na kazi inayoitangulia. Katika mfano wetu zinafuatana: kutoa maji na kukagua siku 10, usanifu wa kingo mpya siku 14, kuondoa kifusi na kuweka kingo siku 19. Jumla ni siku 43.

Kuna athari ya pili ambayo husahaulika. Kazi za nje, mitaro na kutandika matofali ya maegesho, zilipangwa Januari na Februari 2025, kiangazi. Zikisogezwa siku 43 zinaangukia Machi na Aprili, masika mengine. Kalenda ya kazi za nje ikiwa na siku zake za mvua, programu inaongeza siku hizo yenyewe. Kama kalenda haina kitu, ratiba yako mpya itaahidi kutandika matofali chini ya mvua. Katika mfano, msimu unaongeza siku 5. Athari nzima ni siku 48, na tarehe ya kumaliza inakuwa 4 Mei 2025.

Kisha unaingiza hatua ya kupunguza hasara, ule mpangilio wa nusu magharibi kwanza. Unaokoa siku 9, na tarehe inarudi 25 Aprili 2025. Fanya haya katika faili mbili tofauti, athari peke yake na athari pamoja na uokoaji. Ukiziweka pamoja mwanzoni, hakuna atakayejua kwamba uliokoa siku 9, na ukilipia zege la usiku ili kuziokoa, hutakuwa na pa kuonyeshea.

Hesabu sasa inafunga. Kutoka 3 Machi hadi 25 Aprili ni siku 53, ambazo ni 14 za mkandarasi na 39 za mafuriko. Isipofunga, kwa mfano ukapata 53 kwa upande mmoja na 14 kujumlisha 36 kwa mwingine, kuna siku tatu zisizo na mwenyewe. Kwa kawaida utazikuta kwenye kalenda mbili zinazotofautiana sikukuu, au kwenye kiungo kilichobadilishwa kimyakimya wakati wa kupanga upya.

Uliza pia swali ambalo upande wa pili utaliuliza: bila mafuriko, kazi ingeendelea kweli siku hizo? Kama nondo za jamvi zilikuwa bado bandarini hadi katikati ya Mei, sehemu ya siku 39 ina sababu mbili kwa wakati mmoja, na ni afadhali uieleze mwenyewe kuliko kusubiri iibuliwe kikaoni.

Kuandaa faili kabla ya kubofya

Mhandisi msimamizi anakubali siku 39 kwa barua ya 10 Julai 2024. Tarehe ya mkataba sasa ni 11 Aprili 2025, si 25 Aprili. Hapa ndipo ratiba nyingi mpya zinapoharibika: mpangaji anaisukuma tarehe ya mkataba hadi pale mpango wake unapoishia, na siku 14 za deni zinapotea bila mtu kuzisamehe. Nyongeza ya muda haifuti ucheleweshaji uliotangulia. Msingi mpya ama unaishia 25 Aprili ukionyesha wazi kwamba uko siku 14 nje ya mkataba, ama una hatua halisi za kurudi hadi tarehe 11, kama seti ya pili ya fomu za kumwagia slabu pamoja na mafundi wa kuitumia. Hatua za kurudi zisizo na watu wala vifaa nyuma yake, kama kupunguza muda wa kila kazi kwa asilimia 10, zinajulikana kwa macho.

Ili deni lionekane, usiweke `Must Finish On` kwenye kazi ya mwisho. Kizuizi hicho kinaishikilia tarehe kwa nguvu hata kama mpango haufiki. Weka 11 Aprili kwenye uga wa `Deadline`, uiache kazi ikae pale mantiki inapoipeleka, kisha tazama `Total Slack`. Usishangae ikisoma `-10d` badala ya -14. Programu inahesabu siku za kazi: kati ya 11 na 25 Aprili 2025 kuna Jumapili mbili, Ijumaa Kuu na Jumatatu ya Pasaka. Mkataba unahesabu siku za kalenda. Andika zote mbili kwenye ripoti, maana tofauti hii imewahi kuzua ugomvi wa bure kwenye vikao vingi.

Kazi iliyokatwa katikati na tukio inahitaji uangalifu wake. Uchimbaji ulikuwa mita za ujazo 2,400, na hadi 19 Aprili zilikuwa zimetoka 1,950. Ifunge kazi ya awali kwa 1,950 na tarehe zake halisi, fungua mpya ya 450 zilizobaki, na uandike namba ya ile ya zamani kwenye maelezo ya mpya. Matope yaliyoingia na maji, tuseme mita za ujazo 310, yawe kazi ya tatu peke yake. Hayamo kwenye hati ya vipimo. Ukiyachanganya na uchimbaji, mradi utaonekana una shimo la 2,710, na mtu wa malipo hatakuelewa.

Kazi iliyokufa, kama ile ya kumwaga jamvi kwa mkupuo mmoja, usiifute. Kwenye Microsoft Project ukifuta mstari, tarehe zake za msingi zinaondoka pamoja nao, na msingi wa asili unabaki na tundu. Tumia `Inactivate`: mstari unabaki umekatwa, haushiriki kwenye hesabu, lakini historia yake inasomeka. Hakikisha kwanza kwamba kazi zilizokuwa zinaisubiri zimeunganishwa na zile mpya, la sivyo kuta za basementi zitaruka hadi mwanzo wa ratiba kwa kukosa cha kusubiri.

Kubofya kwenyewe

Microsoft Project ina nafasi 11 za misingi: `Baseline` na `Baseline 1` hadi `Baseline 10`. Safu zote za tofauti, kama `Finish Variance`, zinasoma ile ya kwanza tu, isiyo na namba. Kwa hiyo ichukulie kama dirisha la duka na zile zenye namba kama stoo. Kwa mfano wetu stoo inapangwa hivi: `Baseline 1` ni msingi wa asili na haiguswi tena kamwe; `Baseline 2` ni mpango wa muda uliotumika saiti kati ya Aprili na Julai; `Baseline 3` ni msingi mpya uliokubaliwa.

Kama msingi wa asili uko kwenye `Baseline` pekee, uhamishe kwanza. Nenda `Project > Set Baseline > Set Baseline`, chagua `Set interim plan`, kwenye `Copy` weka `Baseline`, na kwenye `Into` weka `Baseline1`. Kisha fungua safu za `Baseline1 Start`, `Baseline1 Finish`, `Baseline1 Duration` na `Baseline1 Cost`, na ulinganishe mistari mitano au sita na zile za asili kabla ya kwenda mbele. Mradi ukianza, afadhali uhifadhi msingi mara mbili siku hiyohiyo ya kwanza, dirishani na stoo, ili usilazimike kuhamisha chochote baadaye.

Sasisha faili hadi tarehe ya hali ya msingi mpya, kwa mfano wetu Jumamosi 13 Julai. Kisha chagua kazi zisizokamilika tu na uhifadhi kwa `Selected tasks`, si `Entire project`, ukiweka alama kwenye `To all summary tasks`. Ukichagua mradi mzima, kazi zilizokwisha zitapewa tarehe zao halisi kama tarehe za msingi, na uchimbaji utaonekana ulimalizika kwa wakati barabara. Hifadhi mara mbili, kwenye `Baseline 3` na kwenye `Baseline`.

Kwa kuwa tofauti dhidi ya msingi wa asili haionekani tena yenyewe, itengenezee safu. Chukua uga kama `Number1` na uweke fomula hii:

```
IIf([Baseline1 Finish] = ProjDateValue("NA"), 0, ProjDateDiff([Baseline1 Finish], [Finish]) / 480)
```

Jibu ni siku za kazi. Namba 480 ni dakika za siku ya saa 8, hivyo saiti yenye siku ya saa 9 itumie 540. Kazi mpya ambazo hazikuwepo kwenye msingi wa asili zitasoma sifuri. Usizichukulie kuwa ziko kwenye muda. Hazina cha kulinganishwa nacho.

Wanaotumia Primavera P6 wana njia salama kidogo, kwa kuwa kila msingi ni nakala ya mradi mzima inayotunzwa chini ya `Project > Maintain Baselines`. Hatari yao iko penginepo. Kitufe cha `Update` katika dirisha hilo kinaweza kuandika juu ya msingi wa zamani, kwa hiyo tengeneza nakala mpya kila mara. Pia faili la `XER` halibebi misingi. Ukimtumia mhandisi `XER` peke yake, anapokea mradi usio na historia. Tumia `XML` ukichagua na misingi, au mtumie kila msingi kama mradi unaojitegemea.

Kinachokaa kwenye kumbukumbu

Si lazima kutunza kila kitu. Tunza kinachomwezesha mtu asiyekuwepo kujenga upya hesabu ya 14 na 39 bila kukuuliza. Hiyo ina maana ya ratiba ya asili iliyokubaliwa pamoja na barua ya kukubaliwa kwake, masasisho yote ya kila mwezi hadi tukio, faili la siku moja kabla, faili mbili za athari, mpango wa muda, na msingi mpya pamoja na barua ya nyongeza. Kila faili liwe katika umbo lake halisi, si `PDF` tu, kwa sababu `PDF` haionyeshi viungo kati ya kazi, na mabishano ya ratiba karibu yote ni ya viungo.

Pamoja nayo weka kurasa mbili za maelezo: kazi gani zimeongezwa, zipi zimesimamishwa, viungo gani vimebadilishwa na kwa nini, kalenda gani imeguswa. Ziandike siku ileile unapofanya mabadiliko. Baada ya miezi mitatu hata aliyebadilisha kiungo hakumbuki sababu. Daftari la saiti, takwimu za mvua, kumbukumbu za pampu na picha zenye tarehe vikae kwenye jalada hilohilo, maana tarehe halisi zilizomo kwenye ratiba zina nguvu ya karatasi zinazozibeba, hazina nguvu yake yenyewe.

Fedha ziguse kwa mkono mwepesi. Mstari wa kazi zilizopangwa ubaki wa zamani hadi tarehe ya kubadilisha, kisha ufuate msingi mpya, na pengo kati ya miwili lionekane wazi kwenye grafu likiwa na tarehe yake. Bei ya mkataba haibadiliki kwa sababu ratiba imebadilika. Kutoa matope kukilipwa, kutalipwa kwa agizo lake.

Ripoti ya kwanza

Ripoti ya Julai iwe na mistari mitatu ya muda kwenye ukurasa wa kwanza, na kila ripoti inayofuata iirudie hadi makabidhiano: dhidi ya mkataba wa asili wa 3 Machi, siku 53 nyuma, dhidi ya mkataba ulioongezwa wa 11 Aprili, siku 14 nyuma, dhidi ya msingi mpya wa 25 Aprili, siku 0. Ukiandika mstari wa tatu peke yake, mteja atakayesoma "siku 0" Julai kisha akadai fidia ya kuchelewa ya siku 14 mwezi Aprili ataulizwa kwa nini alikaa kimya, na mkandarasi aliyeamini sifuri hiyo atakuwa amechelewa mno kutafuta seti ya pili ya fomu.

Agosti ikifika na mstari wa tatu ukasoma siku 6 nyuma, hizo 6 ni mpya kabisa na zina chanzo chake. Ziandikie sababu mwezi huohuo, mkiwa bado mnajua ni zege, ni mafundi au ni michoro iliyochelewa kutoka.